Begi la Shule na Uti wa Mgongo: Kinachopinda ni Mfupa au ni Mazoea?

Mzazi anapomtazama mtoto wake wa shule ya msingi akitembea ameinama mbele, shingo ameichomoza kama kobe na mikono imeshika mikanda ya begi, swali linalomjia huwa moja: je, mzigo huu hautampinda mgongo? Jibu lina sehemu mbili, na kila sehemu ina kazi yake. Begi zito halipindi mifupa ya mtoto mwenye afya. Hata hivyo, huubadilisha mkao wa mwili wake wakati amelibeba, huichosha misuli yake, na mkao huo ukirudiwa kila siku unaweza kugeuka mazoea ambayo mtoto hubaki nayo hata begi likiwa limetundikwa ukutani. Mazoea hurekebishika nyumbani kwa kupunguza mzigo na kwa mazoezi. Mfupa uliopinda haurekebishiki hivyo. Kwa hiyo mzazi na mwalimu wanahitaji kujua mambo mawili: namna ya kuurekebisha mkao, na namna ya kumtambua mtoto anayepaswa kupelekwa hospitali.

Nguzo yenye mapindo manne

Uti wa mgongo wa mtoto umejengwa kwa pingili 33. Pingili 7 ziko shingoni, 12 kifuani zikishikilia mbavu, 5 kiunoni, 5 nyuma ya nyonga na 4 kwenye kifandugu. Zile za nyonga na za kifandugu huungana kadiri mtu anavyokua, hivyo zinazobaki zikicheza kila moja kivyake ni 24. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto mdogo wenye ukuta wa nyuzi ngumu na ute mzito katikati. Sehemu kubwa ya ute huo ni maji. Mtu anaposimama au kubeba kitu, mto hubanwa na kupoteza maji kidogo. Anapolala, maji hurudi. Ndiyo maana kila mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.

Nguzo hii ikitazamwa kwa nyuma inapaswa kuwa wima. Ikitazamwa kwa ubavuni haiwi wima hata kidogo, bali ina mapindo manne: shingo imeingia ndani, kifua kimetoka nyuma, kiuno kimeingia ndani, na nyonga imetoka nyuma. Mtoto mchanga huzaliwa na pindo moja tu. Pindo la shingo hujengeka anapoanza kuinua kichwa, na la kiuno anaposimama na kutembea. Mapindo haya si kasoro; hufanya kazi kama springi inayopunguza mshindo wa kila hatua. Mkao mzuri, basi, si kukakamaa kama askari kwenye gwaride. Ni ule unaoyaacha mapindo manne yawe kama yalivyo, kichwa kikiwa juu ya mabega, mabega juu ya nyonga, na nyonga juu ya miguu.

Mzigo unapohamia nyuma

Mwili hausimami bila kuanguka isipokuwa uzito wake wote uangukie ndani ya eneo la nyayo. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani hutembea wima kwa sababu mzigo umekaa juu ya nguzo yenyewe. Hana haja ya kuinama upande wowote, ingawa shingo yake hubanwa. Begi la mgongoni ni kinyume chake. Uzito uko nyuma ya nguzo na unamvuta mtoto nyuma. Ili asianguke, hana budi kuuinamisha mwili mbele kuanzia nyongani. Lakini akiinama, macho yake hutazama chini, naye anahitaji kuona njia. Hivyo huchomoza kidevu mbele na kukunja shingo kwa nyuma. Misuli iliyo kati ya kisogo na mabega hulazimika kukishikilia kichwa kilichotoka nje ya mhimili wake, na hapo ndipo watoto wengi huonyesha kwa kidole wanapoulizwa wanaumwa wapi.

Uzito wa begi peke yake hausemi yote. Umbali wake kutoka mgongoni una nguvu ileile. Chukulia begi la kilo 6. Likibanwa vizuri hata kitovu cha uzito wake kiwe sentimita 10 nyuma ya mgongo, lina mvuto fulani. Mikanda ikilegezwa, begi likining'inia hadi makalioni na kitovu hicho kikasogea hadi sentimita 20, mvuto wa kumrudisha mtoto nyuma huwa maradufu, ingawa mizani haikuongeza hata gramu moja. Kila mtu aliyewahi kuinua ndoo iliyojaa kwa mkono ulionyooka mbele analijua jambo hili: ndoo ileile ikisogezwa karibu na mwili huwa nyepesi.

Begi linalobebwa kwa bega moja huleta tatizo jingine. Bega lenye mkanda hupandishwa juu ili mkanda usiteleze, na kiwiliwili huegemea upande wa pili ili kusawazisha. Mkanda mwembamba unaobana bega kwa muda mrefu unaweza pia kugandamiza neva zinazoelekea mkononi, na mtoto akahisi ganzi au kuchomwachomwa vidoleni.

Tafiti zimeonyesha nini

Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za sumaku watoto 8 wenye umri wa wastani wa miaka 11, wakiwa wamesimama na mabegi mgongoni. Mabegi yalikuwa ya kilo 4, 8 na 12, sawa na takriban asilimia 10, 20 na 30 ya uzito wa watoto hao. Kadiri mzigo ulivyoongezeka, diski za kiunoni zilibanwa zaidi, kiuno kiliegemea upande zaidi, na watoto walieleza kuwa maumivu yameongezeka. Utafiti huo ulikuwa wa watoto wachache, lakini ulionyesha waziwazi kinachotokea ndani ya mgongo wakati begi limebebwa.

Hata hivyo, kubanwa kwa muda si sawa na kuharibika. Mwaka 2018 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya tafiti 69 kuhusu mabegi na maumivu ya mgongo kwa watoto na vijana. Waandishi wake hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba uzito wa begi, aina yake au namna ya kulibeba huongeza hatari ya mtoto kupata maumivu ya mgongo. Kilichojitokeza katika baadhi ya tafiti ni kwamba mtoto anayeliona begi lake kuwa zito huwa na maumivu zaidi. Malalamiko ya mtoto, kwa hiyo, ni kipimo kinachostahili kusikilizwa.

Mambo haya mawili hayapingani. Yanaeleza kwamba begi ni mzigo wa saa chache ambao mgongo wa mtoto unaweza kuumudu ukiwa wa kiasi, na kwamba mtoto anayekaa saa nyingi ameinamia daftari au simu, asiyecheza wala kukimbia, haponi kwa kununuliwa begi jipya. Kiwango kinachoshauriwa na wataalamu wengi ni begi lisilozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Nchini India, sera ya mabegi ya shule ya mwaka 2020 iliweka kikomo cha asilimia 10.

Begi la mwanafunzi wa kilo 30

Hesabu hii inaweza kufanywa katika kila nyumba. Mtoto apande kwenye mizani akiwa hana kitu, kisha apande tena na begi lake. Tofauti ya namba hizo mbili ni uzito wa begi. Pasipo mizani ya mwili, mizani ya duka la nafaka inatosha kulipima begi.

Chukulia mwanafunzi wa darasa la tano mwenye kilo 30. Asilimia 10 ya uzito wake ni kilo 3, na asilimia 15 ni kilo 4.5. Begi lake likimwagwa mezani linatoa madaftari 4 makubwa ya kauntabuku yenye gramu 600 kila moja, vitabu vya kiada 4 vya gramu 400 kila kimoja, chupa ya maji ya lita 1 yenye kilo 1.1, kontena la chakula la gramu 600, na kalamu na vifaa vya hesabu vya gramu 300. Begi lenyewe tupu lina gramu 800. Jumla ni kilo 6.8, ambayo ni karibu asilimia 23 ya uzito wake. Ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kubeba kilo 16 kila asubuhi na kila alasiri, mara nyingi akiwa amesimama ndani ya daladala.

Punguzo la kwanza liko kwenye ratiba. Ikiwa kesho kuna vipindi vinavyohitaji madaftari 2 na vitabu 2 tu, begi linapungua kilo 2. Punguzo la pili ni maji. Pale ambapo shule ina maji salama, chupa ya nusu lita inayojazwa tena huondoa nusu kilo nyingine. Begi sasa lina kilo 4.3, yaani asilimia 14. Kontena la chakula likibebwa mkononi, mgongoni hubaki kilo 3.7, ambazo ni asilimia 12. Hakuna kilichonunuliwa na hakuna somo lililoachwa. Shule nayo inaweza kusaidia kwa kuwa na kabati la vitabu darasani na kwa kuitangaza ratiba mapema na kuifuata, kwa maana mtoto asiyeiamini ratiba hubeba kila kitu kwa kuogopa adhabu.

Baada ya uzito huja upangaji. Kitabu kizito kikae karibu kabisa na mgongo, na vyepesi vifuate nje. Mikanda yote miwili ivaliwe, iwe mipana, na ikazwe hadi begi lishikane na mgongo. Ncha ya chini ya begi isishuke zaidi ya vidole vinne chini ya kiuno, na begi lisiwe pana kuliko mgongo wa mtoto. Kulinyanyua kutoka chini, mtoto akunje magoti badala ya kuinama kiunoni, avae mkanda mmoja kisha wa pili. Ndani ya daladala, begi livuliwe na liwekwe mapajani au sakafuni kati ya miguu.

Dalili kwamba begi bado ni zito huonekana kwa macho. Mtoto anayelazimika kuinama mbele ili atembee, anayeshindwa kulivaa bila msaada, mwenye alama nyekundu mabegani anapovua shati, au anayelalamika ganzi mikononi, amebeba kupita kiasi, hata kama mizani inasema asilimia 12.

Mazoea au mfupa?

Kabla ya mazoezi, mgongo utazamwe. Mtoto avue shati na asimame ampe mgongo anayemtazama, miguu ikiwa pamoja na mikono imelegea. Mabega yawe kwenye kimo kimoja, makombe ya mabega yatokeze sawasawa, na nafasi kati ya mkono na kiuno ilingane kulia na kushoto. Kisha aunganishe viganja na kuinama mbele polepole, magoti yakiwa yamenyooka, hadi mgongo uwe kama meza. Anayetazama achuchumae na kuangalia kwa usawa wa mgongo huo. Ikiwa upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine kama kilima, inawezekana mtoto ana skoliosisi, yaani nguzo imepinda upande na kujizungusha. Hali hii huwapata takriban watoto 2 hadi 3 katika kila 100 wenye umri wa kubalehe. Kwa wengi wao chanzo hakijulikani, na begi si chanzo chake. Mtoto huyo aonwe na daktari mapema, kwa sababu pindo huweza kuongezeka kwa kasi wakati mwili unarefuka, na matibabu kama mkanda wa kushikilia mgongo hufaa kabla ukuaji haujakoma.

Kwa mgongo uliochomoka nyuma, kipimo ni rahisi. Mtoto alale kifudifudi na ainue kifua kutoka sakafuni kwa nguvu za mgongo wake. Kibiongo kikitoweka, ni cha mazoea. Kikibaki vilevile, kigumu, huenda umbo la pingili zenyewe limebadilika, na picha ya eksirei inahitajika. Nundu yenye ncha kali mahali pamoja kwenye mstari wa uti wa mgongo isisubiri hata kidogo, hasa ikiambatana na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kukonda. Katika nchi zetu kifua kikuu cha uti wa mgongo ni miongoni mwa magonjwa ya kwanza kufikiriwa. Vivyo hivyo, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, miguu inayolegea au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au choo, na maumivu yanayodumu zaidi ya wiki chache ni sababu za kwenda hospitali, si za kuanza mazoezi.

Mazoezi matano

Kabla ya kuanza, uchukuliwe mkao wa mtoto kwa kipimo cha ukuta. Asimame visigino vikiwa karibu na ukuta, makalio na mabega yakiugusa, akitazama mbele bila kuinua kidevu. Kisogo kinapaswa kuugusa ukuta bila kulazimishwa. Kisipogusa, nafasi iliyobaki ipimwe kwa vidole vya mtu yuleyule na iandikwe. Mtoto aliyesukwa mafundo kisogoni apimwe nywele zikiwa zimefumuliwa.

Zoezi la kwanza hukirudisha kichwa mahali pake. Mtoto akae wima, atazame mbele, na akirudishe kidevu nyuma kwa mstari ulionyooka, kana kwamba anajitengenezea kidevu cha pili. Asiinamishe uso wala kuuinua. Abaki hapo kwa sekunde 5, kisha alegeze. Arudie mara 10.

Zoezi la pili huimarisha misuli iliyo kati ya makombe ya mabega. Akiwa amesimama, mikono ubavuni, ayavute makombe nyuma na chini, kana kwamba anataka kubana penseli kati yake. Kosa la kawaida ni kuyainua mabega kuelekea masikioni. Sekunde 5, mara 10.

Zoezi la tatu hufanyika ukutani. Mgongo na kisogo vikiwa vimeegemea ukuta, magoti yamekunjwa kidogo, ainue mikono na kukunja viwiko kama mtu aliyeamriwa kusalimu amri. Aipandishe mikono taratibu ikiteleza juu ya ukuta, kisha aishushe, kiuno kisitoke mbele. Mara 10. Mikono ikishindwa kuugusa ukuta siku za mwanzo, isilazimishwe. Ndiyo ishara kwamba kifua kimekaza.

Zoezi la nne hukifungua kifua hicho. Taulo au khanga ikunjwe iwe mviringo wenye unene wa ngumi, iwekwe sakafuni, na mtoto alale chali ikiwa imekatiza chini ya makombe ya mabega. Magoti yakunjwe, mikono itandazwe pembeni, apumue polepole kwa dakika 2. Khanga isiwekwe kiunoni wala shingoni.

Zoezi la tano huimarisha kiuno. Mtoto apige magoti na kuweka viganja chini, mgongo ukiwa sambamba na sakafu. Anyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, abaki sekunde 5, kisha abadilishe. Mara 8 kila upande. Kikombe cha plastiki kikiwekwa kiunoni kisianguke, zoezi limefanyika sawasawa. Watoto hulipenda kwa sababu hugeuka mchezo.

Yote kwa pamoja hayazidi dakika 12. Kuhisi misuli ikivutika au kuchoka ni kawaida. Maumivu makali, au yanayoshuka mkononi au mguuni, ni amri ya kuacha na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuyapima matokeo

Misuli haijengeki kwa siku tatu. Mazoezi yafanywe kila siku kwa wiki 6 hadi 8, na kipimo cha ukuta kirudiwe kila baada ya wiki 2. Ikiwa kisogo kilikuwa mbali na ukuta kwa vidole viwili na sasa ni kimoja, njia ni sahihi. Ikiwa wiki 8 zimepita, begi limepunguzwa, mazoezi yamefanywa, na nafasi haijabadilika, basi lililodhaniwa kuwa mazoea huenda si mazoea, na mtoto anahitaji kuchunguzwa.

Mazoezi pia hayawezi kushindana na saa 6 za kukaa. Dawati lililo chini mno humkunja mtoto kuliko begi lake. Nyayo zake zapaswa kukanyaga sakafu, viwiko vifike juu ya meza bila mabega kupanda, na baada ya kila nusu saa hivi asimame, hata kama ni kwa kwenda ubaoni. Mwalimu anayewaamuru wanafunzi wote kusimama na kuyavuta makombe ya mabega mara 10 kati ya vipindi viwili ametoa tiba isiyohitaji chumba wala fedha. Jioni, mtoto aachwe acheze rede, mpira au kuruka kamba, kwa kuwa diski zisizo na mishipa yake ya damu hulishwa kwa mwendo, na mgongo unaosogea kila siku ndio unaobeba begi lake bila kulalamika.